Saa Moja ya Nani? Mhadhara kuhusu bei katika barua pepe ya kuomba kazi ya mkataba

Waandalizi wameniomba nizungumzie barua pepe ambayo mfanyakazi wa kujitegemea humwandikia mteja anapoomba kazi, wakanitajia mambo matatu: bei, nafasi aliyonayo, na jinsi atakavyokabidhi kazi. Nitayagusa yote, ila wanaonifahamu wanajua kwamba nikishaanza na bei huwa siiachi upesi, na leo sitabadilika.

Nitatumia kazi ninayoifahamu, yaani kunukuu mahojiano yaliyorekodiwa kwa Dholuo na kuyatafsiri kwa Kiswahili au Kiingereza. Watafiti wa afya, wa uvuvi na wa kilimo huzunguka Siaya na Homa Bay wakiwa na vinasa sauti, kisha humtafuta mtu hapa Kisumu wa kuwaandikia yaliyosemwa. Kwa miaka mingi nimekuwa nikizipokea barua za wanaoomba kazi hiyo, na barua ninayoiona mara nyingi zaidi, ukiiondolea salamu na sifa, husema hivi: "Bei yangu ni shilingi 500 kwa saa. Niko tayari wakati wowote. Nitafanya kazi bora kwa muda mfupi."

Naomba tuitazame sentensi ya kwanza, kwa kuwa hiyo ndiyo inayozaa ugomvi. Shilingi 500 kwa saa, lakini saa ya nani? Mteja anayo mahojiano 20, kila moja likiwa na wastani wa dakika 45, kwa hiyo mezani pake pana dakika 900 za sauti, yaani saa 15. Anapoisoma barua yako anazidisha 15 kwa 500, anapata shilingi 7,500, anashangilia, anakupa kazi. Wewe nawe ulikuwa unahesabu saa utakazokaa kwenye kompyuta, na saa hizo, kama nitakavyoonyesha, zinakaribia 105, kwa hiyo unasubiri shilingi 52,500. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Mmoja amesoma saa ya sauti, mwingine ameandika saa ya kazi, na tofauti ya shilingi 45,000 itagunduliwa siku ya malipo, wakati kazi imekwisha na huna tena cha kushikilia.

Najua kuna atakayesema kwamba mteja mwenye akili angeuliza. Huenda, lakini mteja huyo ana barua nyingine nyingi za kusoma, na anayeomba kazi ni wewe. Kwa hiyo katika kazi hii usiandike bei kwa saa hata kidogo. Andika bei kwa dakika ya sauti iliyorekodiwa, kwa sababu dakika hiyo inaonekana kwenye faili, mteja anaweza kuihesabu mwenyewe, na haibadiliki hata ukifanya kazi polepole au haraka.

Sasa, hiyo bei kwa dakika unaipataje? Wengi humuuliza rafiki anatoza ngapi, wakapunguza kidogo. Hiyo si bei, ni uvumi. Anza na sauti yenyewe. Mnukuzi mzoefu akipewa saa moja ya rekodi safi, msemaji akiwa mmoja na asiyekimbiza maneno, huhitaji takriban saa nne kuiandika kwa lugha ileile. Ukiongeza tafsiri na kuisikiliza tena kwa ajili ya usahihi, unafika saa sita au saba bila shida. Na hapo bado hatujagusa rekodi za kwetu, ambapo mhojiwa ameketi chini ya paa la mabati na mvua ya alasiri inanyesha, au mjadala wa kikundi uliorekodiwa ufukweni, wanawake wanane wauza samaki wakicheka na kukatizana huku injini ya boti ikinguruma. Katika rekodi ya namna hiyo kazi kubwa ni kutambua nani amesema, na muda huongezeka mno.

Kwa sababu hiyo, kabla hujataja bei ya mwisho, omba kipande cha dakika tano, na uombe kitoke katikati ya rekodi. Nasisitiza katikati. Mwanzo wa mahojiano hudanganya, kwa kuwa ndipo mtafiti anaposoma maelezo ya ridhaa kwa sauti yake iliyofunzwa, kinasa kikiwa mkononi mwake, na kila neno husikika. Mhojiwa anapozoea, anaegemea nyuma, anateremsha sauti, na mtoto anaanza kulia. Kinukuu na kukitafsiri kipande hicho ukiwa na saa ya ukutani mbele yako. Dakika tano zikikuchukua dakika 35, basi kila saa ya sauti itakugharimu saa saba, na saa 15 za mteja wetu ndizo zile 105 nilizotaja.

Hatua inayofuata ni thamani ya saa yako. Tuseme unahitaji shilingi 80,000 kwa mwezi, ukijumlisha kodi ya nyumba, chakula, intaneti, umeme na akiba ya kununua kompyuta nyingine hii itakapochoka. Usigawanye kwa saa 160 kana kwamba umeajiriwa, kwa sababu hakuna anayekulipa kuandika barua kama hii, kudai malipo, wala kusubiri umeme urudi. Ukihesabu saa 100 zinazolipwa kwa mwezi, umekuwa mkweli. Saa yako basi ni shilingi 800, saa ya sauti ni mara saba ya hapo, yaani 5,600, na ukigawanya kwa 60 unapata shilingi 93 na senti kadhaa kwa dakika. Andika 95. Kwa dakika 900 jumla ni shilingi 85,500, na jumla hiyo iandike ndani ya barua, usimwachie mteja azidishe mwenyewe.

Hapa huinuliwa mkono, na swali ni lilelile kila mwaka: je, yupo mwenzangu atakayesema 40, nami nitaikosa kazi? Yupo, na utaikosa mara kadhaa. Lakini kama mteja anakupenda ila fedha zake ni chache, usikate bei, kata kazi. Mwambie kwamba nukuu ya neno kwa neno, yenye kila kigugumizi na kila "mmh", ni shilingi 95, na iliyosafishwa, isiyo na alama za muda kila dakika, ni 80. Mteja anachagua kinachomfaa, nawe hujafanya kazi ileile kwa fedha pungufu. Anayeshuka kutoka 95 hadi 60 bila kuondoa chochote amemfundisha mteja kwamba ile 95 ilikuwa ya kubahatisha, kama bei ya mtumba katika soko la Kibuye.

Jambo la mwisho kuhusu bei ni kodi, nami nitalisema kwa ufupi kwa sababu linawakasirisha watu bure. Shirika likikulipa ada ya kitaalamu inayofikia shilingi 24,000 au zaidi kwa mwezi, sheria inalitaka likate asilimia 5 na kuipeleka KRA kwa PIN yako. Katika mfano wetu ni shilingi 4,275, na mkononi unapokea 81,225. Hujaibiwa. Ni kodi yako iliyotangulizwa, inaonekana kwenye iTax, na unaidai unapowasilisha ritani ya mwaka. Wajibu wako katika barua ni kuandika maneno machache tu, "bei hii ni kabla ya kukatwa kodi", ili asije mtu wa uhasibu akadhani umeshaiongeza.

Muda wangu umekwenda, kama kawaida, kwa hiyo nafasi na makabidhiano nitayafupisha.

"Niko tayari wakati wowote" humwambia mteja kwamba huna kazi nyingine, na pia kwamba hujapiga hesabu. Unukuzi huchosha masikio. Baada ya saa tano kwa siku makosa huanza kuingia, na dalili yake ni kwamba unajikuta ukirudia sentensi moja mara nne. Saa tano kwa siku, katika kazi inayochukua saa saba kwa kila saa ya sauti, ni kama dakika 43 za sauti, yaani takriban hojiano moja. Kwa hiyo saa 105 ni siku 21 za kazi, nawe andika wiki tano, ili wiki ya ziada ibebe rekodi mbovu na siku za umeme kupotea. Taja tarehe ya kuanza, na useme kwamba wiki zinahesabiwa kuanzia siku faili zote zitakapokufikia. Watafiti wana tabia ya kutuma kumi leo na kumi watakapokumbuka.

Kuhusu makabidhiano, ninachokitafuta mimi katika barua ni aya kama hii, nami nitaisoma polepole kwa wanaoandika:

"Nitakabidhi mahojiano mawili ya kwanza ndani ya siku nne za kazi, nanyi mtanirudishia maoni ndani ya siku mbili kabla sijaendelea, ili mtindo tuukubaliane mapema. Baada ya hapo nitakabidhi mahojiano matano kila wiki. Mahali pasiposikika nitaweka alama na muda wake, mfano [haisikiki 00:12:40], sitabuni neno. Marekebisho ya makosa yangu hayana malipo ndani ya siku 14 tangu makabidhiano. Mabadiliko ya mtindo baada ya mawili ya kwanza kukubaliwa yatatozwa kwa kiwango kilekile cha dakika. Naomba asilimia 30 kabla ya kuanza, na salio kwa kila fungu ndani ya siku 14 tangu kulikabidhi."

Tazameni ile alama ya pasiposikika. Msimamizi wa utafiti akiiona anajua ameshika mtu aliyewahi kuifanya kazi, kwa kuwa mgeni huziba pengo kwa neno linaloelekea kufaa, na neno hilo huingia kwenye ripoti kana kwamba mhojiwa ndiye aliyelisema.

Nilitaka kuzungumzia ankara za kielektroniki za eTIMS, hilo tutaliacha. Lakini siwezi kuwaachilia bila kutaja viambatisho. Waombaji wengi hunitumia, kama mfano wa kazi yao, mahojiano ya mteja aliyetangulia, yakiwa na jina la mhojiwa, kijiji chake na hata ugonjwa wake. Wanadhani wanaonyesha uzoefu. Mimi nikiona faili hiyo sisomi hata bei, kwa sababu aliyenitumia siri za mteja wa jana atawatumia wengine zangu kesho, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haivumilii mchezo huo. Kama huna mfano, keti na shangazi yako, mwombe ruhusa, mrekodi akieleza kwa dakika tatu jinsi anavyoikausha omena, ninukulie na unitafsirie hilo, kisha kwenye barua useme kwamba ameridhia.