Ikishapanda kwenye wingu, picha ni ya nani?

Karibuni nyote. Swali ninaloulizwa kila ninapozungumzia jambo hili ni moja: nikiweka picha zangu kwenye hifadhi ya bure mtandaoni, zinakuwa mali ya kampuni? Jibu ni hapana. Lakini siku ulipobonyeza "Nakubali" uliipa kampuni leseni, yaani ruhusa ya kuzitumia picha hizo, na watu wengi hawajui leseni hiyo inaruhusu nini.

Tuanze na hakimiliki yenyewe. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, haki ya mtunzi haitegemei usajili. Umepiga picha, haki ni yako papo hapo. Haihami kwa sababu faili limelala kwenye seva ya mtu mwingine, na masharti ya hifadhi nyingi zinazojulikana yanakiri hivyo waziwazi.

Sasa tufuate picha moja. Unaipakia. Kampuni inaihifadhi nakala kadhaa, pengine katika vituo tofauti, ili kituo kimoja kikiharibika picha isipotee. Huko ni kunakili. Kisha inatengeneza picha ndogo ya kuonekana kwenye orodha ya mafaili, hapo imeigeuza. Ukimtumia rafiki kiungo, seva inamfikishia rafiki huyo picha, yaani inaisambaza. Kunakili, kugeuza na kusambaza ni mambo ambayo sheria imemwachia mwenye hakimiliki. Bila ruhusa yako kampuni ingekuwa inavunja sheria kwa kukufanyia kazi uliyoitaka. Ndiyo maana kifungu cha leseni kinasomeka vikali kuliko kinavyokusudiwa.

Ukali huo umeshazua kelele. Mwaka 2011 Dropbox, kampuni ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, walibadilisha masharti, watumiaji wakadhani kampuni inajitwalia mafaili yao, na ikabidi maneno yaandikwe upya. Mwaka uliofuata Google Drive ilipozinduliwa, malalamiko yakawa yale yale. Kwa maoni yangu waliolalamika walikosea kuhusu umiliki, lakini walikuwa na haki ya kuuliza kuhusu matumizi.

Maana kuna neno moja ambalo mimi hulitafuta kwanza: kusudi. Leseni inayosema "kwa ajili ya kukupa huduma hii" imefungwa na huduma yenyewe. Ikiongeza "na kuboresha huduma zetu", mlango umefunguka zaidi, kwa sababu kuboresha kunaweza kubeba mengi. Mwezi Julai 2025 WeTransfer, kampuni ya kutumiana mafaili makubwa mtandaoni, waliweka kwenye masharti yao maneno yaliyogusa kuboresha mifumo ya kompyuta inayojifunza kutokana na data. Watu wanaoishi kwa kazi zao za sanaa wakaja juu, na kampuni ikayaondoa maneno hayo, ikisema haikuwa ikitumia mafaili ya wateja kwa kazi hiyo. Umiliki haukuguswa hata kidogo katika sakata lile. Kilichobadilika kilikuwa kusudi.

Mtu mmoja hapa mbele ameuliza: na yule niliyemtumia kiungo? Swali zuri. Yeye amepata njia ya kuifikia picha, si haki ya kuichapisha. Hata ukimpa uwezo wa kuhariri, hiyo ni mipangilio ya faili tu. Kama unataka aitumie kwenye bango, mwandikie: picha gani, kwa matumizi gani, hadi lini. Ujumbe mfupi unatosha kwa leseni ya kawaida isiyomzuia mwingine. Ukitaka kumwachia haki yote, nchi nyingi zinadai maandishi yaliyotiwa sahihi.

Ugumu zaidi uko hapa. Bibi harusi anapakia picha za arusi yake. Anaonekana kwenye kila picha, na amelipia. Ila pale ambapo mkataba haukusema vingine, mara nyingi hakimiliki ni ya mpiga picha, ingawa nchi nyingine zina kanuni yake kwa kazi ya kuagizwa. Kwa kupakia, bibi harusi anaiambia kampuni kwamba anayo haki ya kutoa leseni ile. Asiyekuwa na haki hawezi kuitoa, kwa hiyo mpiga picha akilalamika, kampuni inaweza kuziondoa picha, na dhamana aliyoitoa bibi harusi, kwamba haki anayo, inabaki juu yake. Dawa yake ni kukubaliana na mpiga picha kabla ya arusi, kwa maandishi, kwamba anaruhusiwa kuhifadhi na kushirikisha wengine.

Mwisho, kufuta. Kwa masharti ya Google, ukiondoa kazi yako kwenye huduma zao, mifumo yao inaacha kuionyesha hadharani ndani ya muda unaofaa. Lakini kama ulikuwa umeshaishirikisha, na mwenzako akainakili au akaishirikisha tena, nakala ile inaweza kuendelea kuonekana kwake. Nakala za akiba nazo hazifutiki papo hapo. Kwa hiyo kabla ya kufuta, fungua kwanza orodha ya walioshirikishwa uwaondoe. Ukianza na kufuta, orodha hiyo unaweza usiione tena.