Ripoti ya Umri wa Madeni: Nani Apigiwe Simu Kwanza?

Karibuni. Leo nawafungulia ripoti ya madeni ya duka la vifaa vya ujenzi na zana za kilimo hapa Mtwara mjini. Ripoti imefungwa tarehe 30 Septemba. Majina ya wateja nimeyafuta, nimeacha mahali walipo tu.

Tazama juu ya jedwali. Kuna safu tano: bado haijaiva, siku 1 hadi 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, na zaidi ya 90. Chini kulia kuna jumla, shilingi 35,300,000. Safu ya mwisho peke yake ina 14,600,000, na hiyo ndiyo inayomtia mwenye duka kiwewe. Akiiona tu anataka kuanza na walioko humo. Subiri kwanza, simu usiishike bado.

Anza kwa kuangalia siku zimehesabiwa kutoka wapi. Kuna ripoti zinazohesabu tangu siku ya ankara, na nyingine tangu siku ya mwisho ya kulipa. Mteja uliyempa siku 30, ukihesabu tangu ankara, atasomeka kachelewa mwezi mzima kabla hata deni halijaiva. Kama unatumia Excel, weka tarehe ya ripoti kwenye H1 na tarehe ya mwisho ya kulipa kwenye safu D, halafu andika hivi:

```
=$H$1-D2
```

Jibu likiwa sifuri au hasi, deni halijaiva. Usitumie tarehe ya leo inayojibadilisha yenyewe, maana ukifungua faili wiki ijayo namba zote zitakuwa zimehama na hutajua ulikuwa unamfuatilia nani.

Sasa tusafishe. Shuka mpaka mstari wa duka la Nanyamba. Safu ya 61 hadi 90 inasema 2,100,000. Lakini rudi kushoto, kwenye safu ya bado haijaiva: unaona -1,500,000? Deni haliwi hasi. Alama hiyo inakwambia mteja alishalipa, pesa ikaingia kwa simu, karani akaipokea bila kuipeleka kwenye ankara yake. Ifungue, iunganishe na ankara ya zamani, deni linabaki 600,000. Ungempigia na kumdai milioni mbili angekusomea ujumbe wa muamala, na hapo wewe ndiye ungeomba radhi.

Mstari wa pili wa kusafisha ni wa taasisi ya umma. Inasomeka 200,000, zaidi ya siku 90. Ukifungua ankara utakuta bidhaa zilikuwa za 10,000,000 bila VAT. Asilimia 2 yake ni 200,000, yaani wamekata kodi ya zuio wakaipeleka serikalini kwa niaba yako. Hapo hakuna deni la kufuatilia, kuna cheti cha zuio cha kuomba, ili uhesabiwe kwenye kodi yako. Mimi mwaka mmoja niliipigia ofisi kama hii mara tatu kudai kisalio cha namna hiyo, na siku ya simu ya tatu mteja mwingine alikuwa stoo anapakia mzigo wa mkopo juu ya deni lililokwishaiva. Nilikuwa nachunga kuku, mbuzi wanakula shamba.

Sasa duka la Tandahimba. Hili ndilo zito: 11,000,000, lote liko zaidi ya 90. Ni mashine 20 za kupulizia mikorosho, kila moja 550,000, zilichukuliwa tarehe 15 Mei. Kompyuta imempa siku 30 kama wateja wengine, kwa hiyo deni likaiva tarehe 14 Juni, na hadi 30 Septemba ni siku 108. Lakini soma daftari la makubaliano: atalipa mwisho wa Novemba, minada ya korosho ikishaanza. Wakulima nao walichukua mashine kwake kwa ahadi hiyo hiyo. Kosa ni letu, tuliingiza muda usio wa makubaliano. Rekebisha tarehe, na milioni 11 zinarudi kwenye bado haijaiva.

Angalia sasa safu ya mwisho. Kutoka 14,600,000 imebaki 3,400,000.

Baada ya hapo ndiyo tunapanga. Kwa kila mteja aliyebaki najiuliza: nikimpigia leo, shilingi ngapi zitatembea wiki hii, na nikikaa kimya nitapoteza nini?

Wa kwanza kwangu ni mkandarasi wa Mikindani. Anadaiwa 13,800,000: 9,400,000 ziko siku 1 hadi 30, na 4,400,000 ziko 31 hadi 60. Wengi wangemruka kwa sababu madeni yake ni machanga. Mimi nimefungua ripoti za miezi mitano nyuma, na safu yake ya 31 hadi 60 ilikuwa tupu kila mwezi. Hii ni mara ya kwanza kuvuka. Na bado anachukua mzigo. Kuna oda yake ya nondo ya Jumanne. Deni lake ndilo kubwa, linakua, na nguvu ya kumbana bado ninayo, kwa sababu anahitaji nondo. Mvua zikianza kazi za saiti zitapungua, na nguvu hiyo itapungua nazo.

Simu yake iwe hivi: "Injinia, habari za saiti? Nina oda yako ya Jumanne hapa. Ankara za Julai za 4,400,000 bado ziko wazi. Cheti chako cha malipo kimefika wapi?" Kisha nyamaza umsikilize. Akisema kimesainiwa na kiko kwa mhasibu, mwombe tarehe na kiasi. Akisema kazi haijapimwa, pesa haipo karibu, na nondo zitoke kwa fedha taslimu. Andika jibu lake mbele ya jina lake, kwa maneno yake mwenyewe.

Wa pili ni mama mwenye nyumba ya wageni Lindi mjini. Anadaiwa 6,300,000, siku 61 hadi 90. Kwenye kumbukumbu kuna malalamiko yake: maboksi 14 ya vigae yalifika yamevunjika, kila boksi 45,000. Hiyo ni 630,000. Hakuna aliyemjibu, naye ameshikilia deni zima. Kabla ya simu, hakikisha na dereva, kisha toa krediti noti. Ndipo useme, "Shikamoo mama, vigae vyako tumeviondoa kwenye hesabu, imebaki 5,670,000." Kumkumbusha deni bila kugusa vigae ni kumkasirisha bure.

Tandahimba nitampigia pia wiki hii, ila kwa sababu nyingine. Nataka tarehe na kiasi kwa maandishi kabla pesa za mnada hazijaingia, maana zikiingia wadai ni wengi na anayefika mwisho hukuta mfuko mwepesi. Namuuliza vilevile mashine ngapi hazijauzwa. Zilizoko dukani bado kwenye maboksi tunaweza kuzirudisha na deni lishuke.

Nanyamba, 600,000, anatosha kwa ujumbe wenye taarifa sahihi ya hesabu.

Anabaki seremala wa Newala, 3,400,000, namba haipatikani tangu Juni. Yeye ndiye mzee kuliko wote kwenye ripoti, na kwangu ni wa mwisho. Karani wa mauzo akipita Newala aulize karakana ilipokuwa, amtafute na aliyemdhamini. Mpaka apatikane, hizo milioni tatu na laki nne msizipangie matumizi.