Picha ya Katikati: Fundi Rangi Aonyeshe Nini Kabla ya Kutaja Bei

Baraka: Karibuni tena. Leo ni posti za mafundi rangi wa ndani. Nikwambie ukweli, Neema, zimenichosha. Kushoto chumba kichafu, kulia chumba kinang'aa, chini namba ya simu.

Neema: Na bado watu wanapiga. Wakishatajiwa bei ndipo wanashtuka, kwa sababu picha mbili zile hazionyeshi kazi ilikokuwa. Mimi nataka picha ya tatu, ya katikati: ukuta umekwanguliwa, nyufa zimezibwa puti, una mabaka kila mahali.

Baraka: Lakini ukuta huo unatisha, dada. Nani atavutiwa?

Neema: Anayejua kwamba analipia nini. Chukua chumba cha kulala chenye doa la maji la rangi ya chai juu ya dirisha. Fundi akilipaka rangi ya maji moja kwa moja, siku ya kwanza litafichika. Kisha litarudi, maana maji ya rangi yenyewe yanaliyeyusha doa na kulivuta juu. Kwanza panapovuja pazibwe, ukuta ukauke, halafu doa lipigwe praima ya kuzuia madoa. Hatua hizo zikionekana kwenye posti, mteja haulizi tena kwa nini huyu ni ghali kuliko yule.

Baraka: Na picha ya mwisho? Mara nyingi naona wamebadilisha hata pazia na balbu.

Neema: Hapo sasa huwezi kujua rangi imefanya nini. Simama palepale, saa ileile, taa ziwe vilevile. Halafu ongeza picha moja ya mwanga wa pembeni: shika tochi sambamba na ukuta. Kingo za puti ambazo hazikupigwa msasa vizuri zitajitokeza, na michirizi ya rola pia. Fundi anayeweka picha hiyo, mimi namwamini.

Baraka: Haya, ubora wa rangi. Kila mtu anaandika "tunatumia rangi bora".

Neema: Maneno matupu hayo. Aandike jina la rangi kama lilivyo kwenye ndoo, na kama haing'ai au inang'aa kidogo. Isiyong'aa huficha mawimbi ya ukuta. Inayong'aa huyaanika, ingawa husafishika kwa urahisi zaidi. Kisha aonyeshe mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, ulivyofunika. Rangi hafifu huwa na chokaa nyingi na gundi kidogo. Ikishakauka, isugue kwa kitambaa cheusi: kikitoka na vumbi jeupe, ujue ukuta huo haustahimili kufutwa.

Baraka: Kumbe ndoo rahisi inaweza kuishia ghali.

Neema: Ikidai mikono minne badala ya miwili, umelipia ufundi mara mbili. Ndiyo maana makadirio lazima yataje idadi ya mikono.

Baraka: Tufanye hesabu ya chumba hicho basi.

Neema: Urefu mita 4, upana 3, kuta zina kimo cha mita 2.5. Mzunguko ni mita 14, kwa hiyo kuta ni mita za mraba 35. Toa mlango na dirisha, tuseme 3.5, zinabaki 31.5. Mikono miwili ni 63. Lita moja kwenye ukuta laini uliokwisha pigwa praima hufunika kama mita 10 za mraba, basi unahitaji lita 6.3. Nunua 7. Ukuta mpya wa plasta unaonyonya, au wenye mikwaruzo, utakula zaidi.

Baraka: Na dari?

Neema: Iwe na mstari wake peke yake kwenye makadirio, mita 12 za mraba. Ugomvi mwingi huanzia hapo: mteja alidhani dari imo, fundi alidhani haimo. Vivyo hivyo fremu za mlango, kuhamisha vitanda na nani ananunua rangi. Yaandikwe yaliyomo, na yasiyomo yaandikwe pia.

Baraka: Fundi anayetoa bei kwa kuangalia picha ya simu tu?

Neema: Atoe ya kukisia, aseme wazi kwamba ni ya kukisia. Bei kamili hutoka baada ya kupima na kugonga ukuta. Plasta iliyoachia hulia kama kopo tupu, na simu haisikii hilo.

Baraka: Na akikwangua akakuta plasta yote imeachia, wakati bei imeshasainiwa?

Neema: Asimamishe sehemu hiyo. Apige picha, apime eneo, aandike gharama ya nyongeza, asubiri mteja akubali kwa maandishi. Akitengeneza kwanza na kudai baadaye, hata kama ana haki, mteja hana njia ya kuona kilichokuwa chini ya rangi.

Baraka: Kwa hiyo picha ya katikati inamlinda na yeye.

Neema: Inamlinda sana. Aihifadhi hata asipoiposti, pamoja na tarehe.