"Sikusaini" haitoshi: kupinga huduma uliyouziwa kwa simu

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za mchana. Nawashukuru wenye biashara wa Majengo na Sabasaba, hapa Dodoma, mliofunga mapema kuja hapa. Leo nitazungumzia jambo moja tu: muuzaji amekupigia simu, ukasema "haya, sawa", kisha inaletwa ankara ya huduma ya kulipia kila mwezi. Hukusaini popote. Unadaiwa au hudaiwi?

Niseme mapema, maana hapa ndipo wengi wanapoteza. Ukienda kupinga kwa hoja ya "sikusaini", umechagua hoja dhaifu kuliko zote. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haitaki karatasi kwa kila mkataba. Makubaliano ya mdomo yanabana, isipokuwa pale sheria yenyewe inapotaka maandishi, na mkataba wa kawaida wa huduma haumo humo. Hoja yenye nguvu iko kifungu cha 13: watu huhesabiwa wamekubaliana pale wanapokubaliana jambo lile lile kwa maana ile ile. Kwa hiyo usibishane kama ulisema ndiyo. Uliza ulisema ndiyo kwa kitu gani.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana saluni Chang'ombe. Anapigiwa simu huku ana mteja mkononi. Muuzaji anamwambia: tutaiweka saluni yako kwenye orodha yetu ya biashara na kuwatumia wateja wako ujumbe wa kuwakumbusha, mwezi wa kwanza ni wa majaribio, bure, isipokufaa unatuambia. Mama anajibu, "Haya, sawa." Wiki tatu baadaye inakuja ankara: shilingi 30,000 kwa mwezi, mkataba wa miezi 12, jumla 360,000. Akipiga simu anaambiwa, "Mama, rekodi tunayo, ulikubali."

La kwanza afanye siku ile ile: achukue daftari aandike namba iliyompigia, tarehe, saa, simu ilichukua dakika ngapi, na maneno aliyoambiwa kadiri anavyoyakumbuka. Apige picha ya orodha ya simu zilizoingia, kwa sababu simu nyingi, hasa za batani, zinafuta za zamani zenyewe. Kisha asiitumie huduma hiyo na asilipe hata mwezi mmoja "ili wanyamaze". Mkataba unaweza kuonekana kwa vitendo pia, si kwa maneno tu. Ukilipa 30,000 ya kwanza bila kusema neno, umempa mwenzako ushahidi ambao hakuwa nao.

La pili ni barua. Simu ya malalamiko haibaki mahali, barua inabaki. Iwe fupi:

"Tarehe fulani, saa fulani, nilipigiwa na mwakilishi wenu kwa namba hii. Niliambiwa ni majaribio ya mwezi mmoja bila malipo, na hicho ndicho nilichokubali. Sikukubali mkataba wa miezi 12. Naukataa kuanzia leo, na naomba msitishe huduma. Naomba rekodi nzima ya simu hiyo, tangu salamu hadi mwisho, ndani ya siku 14."

Chapa nakala mbili. Kama wana ofisi hapa mjini, peleka kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kama wako Dar es Salaam, tuma kwa EMS ya Posta utunze risiti, na utume pia kwa barua pepe.

Mmenisikia nikisema rekodi nzima. Nalisisitiza kwa sababu mara nyingi unacholetewa ni kipande cha mwisho, pale mtu anasomewa masharti haraka haraka na kujibu ndiyo, ndiyo. Ahadi ya bure ilitolewa mwanzoni, kabla ya kipande hicho. Na mnayo haki ya kuidai. Rekodi yenye jina lako na sauti yako ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kupata taarifa zako kwa anayezishikilia, pamoja na haki ya kumzuia asizitumie kukutangazia biashara. Akikaa kimya, malalamiko yanakwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Sasa rekodi imeletwa, isikilizeni kwa utulivu. Ikisikika ahadi ya mwezi wa bure na miezi 12 haikutajwa popote, mama wa saluni amesimama imara: hapakuwa na makubaliano ya mwaka. Ikisikika yote mawili, bure mwanzoni na mwaka mwishoni, hoja inahamia kwenye maelezo ya kupotosha. Kifungu cha 19 cha ile Sheria ya Mikataba kinampa aliyepotoshwa hiari: auvunje mkataba, au adai utekelezwe kama alivyoelezwa, yaani majaribio ya mwezi bila malipo.

Lakini kifungu hicho kina mlango wa nyuma, na ni haki mjue. Kama ungeweza kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida tu, hiari ile unaweza kuikosa. Mlango huo mara nyingi hufunguliwa na ujumbe mfupi uliotumwa baada ya simu: "Karibu, umejiunga kwa miezi 12." Ujumbe umekaa kwenye simu wiki tatu haujasomwa. Ndiyo maana nawaomba, ukishaongea na muuzaji yeyote, fungua ujumbe wako jioni ile ile. Kama haulingani na mlichoongea, ujibu kwa maandishi hapo hapo: "Sikukubali hivi."

Na wakisema rekodi imepotea? Basi mzigo ni wao. Kwa Sheria ya Ushahidi, anayedai ndiye anayethibitisha. Mama hana kazi ya kuthibitisha kwamba hakukubali.

Kuna jambo moja wenye biashara hawapendi kulisikia. Kama katika wiki zile tatu mama aliwapa namba za wateja, ujumbe ukatumwa na wateja wakaja, na hayo hayakuwa sehemu ya majaribio ya bure, anaweza kutakiwa kulipia kilichomnufaisha. Hicho tu, si mwaka mzima.

Wakikataa, unakwenda wapi? Inategemea anayekudai ni nani. Kampuni ya simu, intaneti au king'amuzi: kwanza malalamiko kwao wenyewe, na yasipotatuliwa, TCRA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Kati iko hapa hapa Dodoma. Wataanza kwa kukuuliza ulilalamika lini kwa kampuni, na ile nakala yenye muhuri ndiyo jibu. Wauzaji wengine, kama huyu wa orodha ya biashara: Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara wa kupotosha.

Swali limeletwa kwa karatasi: "Mkusanya madeni ameniandikia kwamba atakuja kuchukua mali dukani, nifanyeje?" Barua yake si hukumu. Mali inakamatwa kwa amri ya mahakama, na dalali wa mahakama anaibeba amri hiyo, mwombe akuonyeshe. Mkusanya madeni mjibu kwa maandishi kwamba deni linapingwa, umwambatishie nakala ya barua yako ya kwanza. Kitu ambacho usikidharau kamwe ni hati ya wito. Wito wa Mahakama ya Mwanzo ukifika, nenda tarehe iliyoandikwa na daftari lako, picha za simu, barua na risiti ya EMS. Usipotokea, shauri linaweza kuamuliwa kwa upande mmoja, na hapo hata rekodi iliyokuwa upande wako haitakuwa imesikilizwa na mtu.