Kuisoma Kadi ya Kliniki kwa Picha ya Simu

Ndugu zangu wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mama anapokutumia picha ya kadi ya mtoto kwenye simu uangalie chanjo alizokosa, usikimbilie nafasi zilizo wazi. Anza na tarehe ya kuzaliwa, maana umri wote unahesabiwa kutoka hapo. Ikiwa mwanga wa simu umeifuta, au pembe ya kadi imekatika pichani, omba picha nyingine. Moja na saba zilizoandikwa kwa haraka zinafanana sana.

Tuchukue mfano wa mtoto wa hapa Tanzania aliyezaliwa tarehe 3 Machi 2024, na tufanye leo ni tarehe 20 Januari 2025. BCG na matone ya polio ya kuzaliwa yapo. Wiki 6 zilitimia tarehe 14 Aprili, Jumapili. Kadi inaonyesha alichanjwa kesho yake. Wiki 10 alichanjwa tarehe 13 Mei. Mpaka hapo, safi.

Kwenye mstari wa wiki 14, sehemu ya Penta ya tatu imeandikwa 10/6/24. Mtu mwenye haraka atasema amepata. Ebu kuza picha. Tarehe zile nyingine ni za kalamu ya wino, hii ni ya penseli. Tena 10 Juni ni wiki 4 kamili baada ya 13 Mei. Hiyo inaelekea kuwa tarehe ya kurudi, aliyopangiwa mama. PCV ya tatu nayo ina penseli hiyo hiyo, na matone ya tatu na sindano ya polio hazina kitu.

Shuka chini: surua-rubela ya miezi 9 ipo, tarehe 5 Desemba, kwa wino. Hili ndilo linaloniuma. Mtoto alifika kituoni, akachomwa sindano ya siku hiyo, na hakuna aliyepandisha macho mistari miwili juu. Zile zilizopungua zingetolewa siku ile ile.

Kwa hiyo inaonekana amekosa dozi nne: Penta, PCV na matone, zote za tatu, pamoja na sindano ya polio. Surua-rubela ya pili hajaikosa; miezi 18 itatimia tarehe 3 Septemba 2025. Mwambie mama aende kliniki wiki hii na kadi yenyewe. Dozi haianzi upya kwa sababu ya kuchelewa. Anaendelea alipoishia, na zote nne zinaweza kutolewa siku moja.

Penseli inatia shaka tu, haithibitishi, kwani wapo wauguzi walioishiwa wino. Muuguzi afungue rejesta ya chanjo ya Juni. Jina lisipoonekana hapo, dozi ihesabiwe haikutolewa. Kurudia dozi ya Penta ambayo huenda alishaipata kuna hatari ndogo kuliko kumwacha bila kinga ya kifaduro.

Na usimwambie mama kwamba mtoto amekamilisha chanjo kwa kutazama picha peke yake.