Zawadi ya Usiku Mmoja: Mhadhara kwa Ndugu wa Wanaouguza Nyumbani

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na shikamooni wazee wangu mliotangulia kuketi. Nashukuru kwa mwaliko. Mmeniomba niseme juu ya zawadi gani mtu ampelekee ndugu anayemuuguza mzazi nyumbani, usiku na mchana. Nimefanya kazi ya unesi, na kazi hiyo imenipitisha kwenye nyumba nyingi za hapa Tanga, chumbani kabisa, kwenye kitanda. Kwa hiyo nitasema niliyoyaona huko.

Nyote mnajua tunavyokwenda kumwona mgonjwa. Tunabeba machungwa, paketi za juisi, sukari, pengine sabuni. Tunakaa, tunatoa pole, tunaaga. Hivyo vyote ni vya mgonjwa, na tena mara nyingi mgonjwa aliyepata kiharusi hawezi hata kuinywa ile juisi, maana kinywaji chepesi humpalia. Anayeuguza anabaki na wageni wa kuandaliwa chai na vikombe vya kuosha. Ukiuliza moyoni mwake anataka nini, hatakutajia kitenge wala sufuria. Atasema usingizi.

Nataka leo mhadhara wote uwe juu ya hilo: jinsi ya kumpa mtu usingizi. Ni zawadi isiyotolewa kwa neno tu. Kumwambia "ukichoka niite" hakumsaidii, kwa sababu hataita. Mtoaji lazima ajifunze kazi kwanza.

Chukueni nyumba moja. Mama wa miaka sabini na kitu, mnene kiasi, amepooza upande wa kulia. Hawezi kujigeuza. Binti yake analala chini kwenye mkeka, chumba hicho hicho. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2, kwa sababu mwili ukilalia mfupa mahali pamoja, damu haipiti vizuri pale na nyama inaanza kufa. Basi hesabuni usiku wa binti huyu. Anamgeuza saa tatu, saa tano, saa saba, saa tisa, na saa kumi na moja alfajiri. Kila mara anakagua pampasi, na ikiwa imelowa anabadilisha, anasafisha, anapaka mafuta ya mgando, anapanga mito. Dakika 20 zimekwisha. Anarudi kwenye mkeka, na usingizi haurudi papo hapo. Akipata saa moja na nusu za kulala mfululizo, hiyo ni bahati. Asubuhi kuna uji, kuna nguo, kuna dawa. Na keshokutwa ni hivyo hivyo, na mwezi ujao.

Dalili za mtu wa namna hii mtaziona mkiangalia. Anasahau kama dawa ya asubuhi ameshatoa. Anamjibu mama kwa ukali, kisha analia jikoni. Analalamika kiuno. Ndugu husema "dada siku hizi amekuwa mkali." Kwanza apewe nafasi ya kulala, kisha ndiyo mumpime tabia.

Sasa namna ya kuutoa usiku. Wengi mnafanya kazi, hamwezi kukesha hadi asubuhi, na si lazima. Njoo kabla ya saa tatu, ushike kuanzia kumgeuza kwa saa tatu, kisha saa tano, saa saba na saa tisa. Katikati unajinyoosha chumbani kwa mgonjwa, simu ikiwa na kengele. Ukimaliza ule wa saa tisa, mgonjwa ametulia, unaendelea kujinyoosha pale pale. Anayeuguza anaamka saa kumi na moja kumgeuza mgonjwa, nawe unakwenda zako. Kwa mpango huo amepata karibu saa 8 ambazo hazikukatwa, na wewe umelala kidogo kidogo.

Lakini alale wapi? Hapa ndipo zawadi nyingi huharibika. Akilala chumba kile kile, ataamka kila mgonjwa akikohoa, hata kama wewe uko macho. Alale chumba kingine, mlango ufungwe, na ikiwezekana nyumba ya jirani au kwa shangazi. Simu yake aiache kwako. Na jambo la pili linaloharibu ni kumwamsha saa saba usiku kuuliza pampasi ziko wapi. Kwa hiyo kabla hajaenda, vyote viwe kwenye beseni moja kando ya kitanda: pampasi 3, glovu, vitambaa laini, maji kwenye chupa ya chai, mafuta ya mgando, mfuko wa taka, shuka la ziada, tochi. Kwenye daftari aandike mgonjwa amelala ubavu gani mara ya mwisho, dawa gani imebaki, na ni jambo gani la kumwamsha. Kuamshwa kuwe kwa mambo machache yaliyotajwa: anapumua kwa shida, haamki akiitwa, amepata degedege, ameanguka, uso umepinda upya au usemi umepotea ghafla. Mengine yatasubiri alfajiri.

Kumgeuza nako kunafundishwa, wala hakuna haja ya nguvu nyingi. Mje mchana mara mbili tatu, mfanye mbele ya yule anayemjua mgonjwa. Nitawaeleza kwa mama yule yule. Kitanda kisogezwe kutoka ukutani ili upite pande zote mbili. Chini ya mwili wake tandika shuka lililokunjwa mara nne, lianzie mabegani liishie mapajani. Hilo ndilo shuka la kugeuzia, na kwangu mimi ni zawadi inayoshinda vitenge kumi.

Tuseme unataka alalie ubavu wa kulia. Simama kushoto kwake, likunje shuka mpaka karibu na mwili, lishike kwa mikono miwili, piga magoti yako kidogo, umvute aje ukingo wa upande wako. Weka kiti kikigusa kitanda hapo ukingoni, maana utamwacha kwa hatua chache. Zunguka uende kulia kwake. Mkunje goti la kushoto, weka mkono wa kushoto juu ya kifua, halafu mkono wako mmoja nyuma ya bega na mwingine nyuma ya nyonga, umlete taratibu kwako. Akija upande wako hawezi kuanguka, kwa sababu wewe ndiye ukuta. Ule mkono wa kulia uliopooza uwe umeshatolewa mbele kabla hajaulalia, na usimvute kwa mkono huo hata siku moja, kwani bega la mkono uliopooza huteguka kwa urahisi na maumivu yake hayaishi mapema.

Akishageuka, weka mto mgongoni ili aegemee kidogo tu, asilalie mfupa wa nyonga moja kwa moja. Mto mwingine kati ya magoti. Mwingine chini ya mashavu ya miguu, ili visigino vining'inie visiguse godoro. Mito hii minne, ukihesabu wa kichwani, iwe na foronya zinazofulika. Mkitaka kuchangia kitu cha dukani, anzeni na mito na mpira wa kutandika chini ya shuka. Mnaojiuliza kuhusu godoro la hewa lenye pampu: ni zuri, lakini linataka umeme muda wote. Umeme ukikatika, mengi hulegea, na mgonjwa akajikuta kwenye mbao. Basi chini yake libaki godoro la kawaida, na kugeuza kuendelee. Godoro hilo hupunguza mgandamizo, halimgeuzi mtu. Na ile mito ya mviringo ya kukalia iliyo na tundu katikati msinunue. Hubana damu kuzunguka lile tundu na kuleta kidonda kile kile mnachokikimbia.

Kila unapomgeuza, mulika tochi mahali alipokuwa amelalia: visigino, nyonga, mfupa wa juu ya makalio, kifundo cha mguu. Kwenye ngozi zetu nyeusi usitafute wekundu. Tafuta sehemu iliyo tofauti na ya jirani yake, rangi ya zambarau au iliyokolea, yenye joto, au ngumu ukiigusa kwa vidole, au inayomfanya agune. Ukiiona, usiisugue wala usiikande kwa mafuta ukidhani unaleta damu. Ngozi ile imeshaumia ndani. Mwondoe asilalie pale, andika kwenye daftari, na umwambie binti alfajiri. Ngozi ikichubuka au kutoa malengelenge, mpelekeni kituoni siku hiyo hiyo.

Kuna jambo huwavunja moyo watoaji. Usiku wa kwanza, yule uliyempa usingizi halali. Mwili wake umezoea kushtuka saa tano na saa saba, anakaa kitandani akisikiliza kama mama anaita. Asubuhi anasema "asante, lakini sikulala." Hapo mtoaji hukata tamaa. Msikate. Usiku wa kwanza anakupima wewe. Akikuta asubuhi mama ni mkavu, hana alama mpya, daftari limejazwa, usiku wa pili atalala nusu, na baada ya hapo atakoroma. Ndiyo maana nawaomba zawadi hii ipangwe kwa siku maalumu, kwa mfano kila Jumatano, iwe Jumatano hiyo hiyo kila wiki. Anayejua Jumatano inakuja huivumilia Jumanne.

Liko pia suala la heshima. Mkamwana kumsafisha baba mkwe ni jambo gumu kwa wote wawili, na nyumba nyingi hunyamazia. Kaka na wajomba, hapa ndipo zamu yenu ilipo. Usiku wa baba ushikwe na wanaume, na kazi ya kubadilisha pampasi isiachwe ikisubiri mwanamke aamke.

Mama mmoja pale nyuma ameniuliza kuhusu wanawe walioko Dar na Maskati, ambao hawawezi kuja. Swali zuri, na nitalimalizia hilo. Mara nyingi fedha zao hupitia kwa kaka mkubwa, na anayeuguza huomba kila anapotaka pampasi. Watume kwenye simu ya anayeuguza mwenyewe, na fedha za mgonjwa zitengwe na zake, waseme wazi: hii ya mama, hii yako. Halafu walipe mtu wa kufua. Mashuka ya mgonjwa ni ndoo tatu au nne za maji kwa siku, na mikono ile ile ya usiku ndiyo inayofua. Na mwaka wakipata likizo, wasije wote Desemba kwa wiki moja. Mmoja aje Machi, mwingine Julai, mwingine Oktoba, na kila mmoja ajifunze shuka la kugeuzia siku ya kwanza, kabla hajafungua begi.