Sufuria za mama, tui la nazi na jiko la indaksheni

Assalaam alaykum jamani, leo siko Oslo. Niko Wete, jikoni kwa mama, na hiki mnachokiona nyuma yangu si oven, ni kabati la vyombo lenye umri kunishinda mimi. Mwaka jana nilimletea mama jiko la indaksheni la sahani moja. Haikupita wiki akanipigia: "Mwanangu, jiko lako bovu. Nikiweka sufuria linalia pii pii, linaandika E0, halafu linazima." Nikamuuliza, sufuria gani mama? "Sufuria! Kwani kuna sufuria gani nyengine?"

Basi hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na jiko hili halioni alumini. Chini ya kioo hichi hamna waya mwekundu wa moto, kuna koili ya shaba. Umeme unaogeuka kwa kasi kubwa ukipita humo unafanya sumaku inayogeukageuka maelfu ya mara kwa sekunde, na sumaku hiyo inazusha umeme ndani ya kitako cha sufuria, ndio sufuria yenyewe inapata moto. Kwa hivyo chombo lazima kiwe kinanasa sumaku. Chungu cha udongo hakinasi, shaba hainasi, alumini hainasi.

Kupima ni rahisi. Mimi nilitoa sumaku kwenye spika mbovu ya mdogo wangu, hii hapa. Mnageuza sufuria, mnaibandika kwenye kitako. Hii ya alumini, mnaona? Inaanguka. Hichi chuma cha chapati, tah! Hata kukibandua kazi. Haya, na hii ya stenlesi sasa, ndiyo inayodanganya watu. Nyengine ni ya stenlesi kweli lakini sumaku haishiki kabisa, nyengine imewekwa tabaka la chuma kwenye kitako ndio inashika. Msimwamini muuzaji, nendeni dukani na sumaku mfukoni. Na ikishika kwa kulegea, inateleza teleza, jiko litaikubali lakini litapika kwa uvivu. Sufuria za enameli, zile za bati lililopakwa rangi, zinashika vizuri sana, tatizo lake ni nyembamba, zinaunguza.

Angalieni na ukubwa. Koili ya jiko hili ni kama sahani ya chai. Kisufuria kidogo cha kitako chini ya sentimita 12 linaweza kukikataa. Na sufuria kubwa la pilau la shughuli, hata kama ni chuma, litapata moto katikati tu, pembeni mchele mbichi.

Sasa nije kwenye kilichonileta, maana mama alipopata sufuria ya kunasa, kilio kikawa chengine: tui linakatika. "Nimeweka namba ya chini kabisa, wati 200, na bado tui limekatika." Nikadhani anatia chumvi. Nikaja nikakaa hapa kwenye kibao nikalitazama jiko, wala sikulitazama kwa macho tu, nililisikiliza.

Nisogeze kamera. Hii ni lita moja ya maji ya bomba, nimefunika, nimeweka 2000. Yamechemka kwa dakika tatu na kitu, gesi ya mama haiwezi. Kwa kuchemsha hiyo ndiyo namba yake, 1800 au 2000, chombo kina maji ndani, hamna la kuogopa. Sasa nateremsha. 1300, mapovu yanaendelea. 1000, yanaendelea. 800, madogo madogo lakini hayakatiki. Haya, 500. Sikilizeni: linanguruma... limenyamaza... linanguruma tena. Mapovu yanapanda, yanalala, yanapanda. 200 ndio kabisa, linawaka sekunde 2, linazima sekunde 6.

Mmeona mchezo? Jiko hili haliwezi kutoa wati 200. Kidogo chake cha kweli ni 800. Ukiliambia 200 linapiga 800 kwa sekunde 2 na kupumzika 6, ukigawa unapata 200 ya hesabu. Kwa maji si kitu. Kwa tui, zile sekunde 2 zinatosha, kwa sababu sufuria ya mama ilikuwa nyembamba kama karatasi, moto wote unapita pale juu ya koili kwa duara, tui la chini linatokota kwa ghafla, linafanya chembechembe na mafuta yanaelea juu. Si mkono wa mama uliokosea.

Na nyinyi fanyeni jaribio hilihili la maji kabla hamjapika chochote, maana kila jiko lina mpaka wake. Teremsheni namba moja moja mpaka mapovu yaanze kupanda na kulala. Hapo ndipo linapoanza kuwaka na kuzima.

Tulichofanya sisi, tumebadilisha chombo. Hii sufuria ya stenlesi kitako chake kinene kama kidole changu kidogo, kinashika moto na kuutoa polepole, ule mpigo wa jiko haufiki kwenye tui. Jana mchuzi wa samaki: tui jepesi na viungo kwa 1000 mpaka likaanza kutokota, tukashusha 500, samaki ndani, dakika kama kumi. Kasimile mwisho kabisa, kwa 200, mama anakoroga na upawa hauachi. Lilipoanza kutikisika pembezoni akazima. Moto uliobaki kwenye kitako ukamalizia. Halikukatika. Kile chuma cha chapati kingefaa kwa uzito wake, ila mchuzi una ndimu, na ndimu kwenye chuma kitupu inatoa ladha ya kutu.

Mtu atauliza: si niweke bamba la chuma chini ya sufuria yangu ya alumini? Inafanya kazi, lakini bamba linachemka sana juu ya kioo, jiko litajizima lenyewe kwa joto. Kwa moto mdogo sawa, kwa kuchemsha hapana.

Kukaanga sasa, haraka, maana jodari anasubiri. Msiweke kikaango kitupu kwa 2000. Kinapata moto kabla mafuta hayajafika mkononi, na kikiwa chembamba kinatoa tumbo katikati, kinazungukazunguka juu ya kioo kama pia. Mimi natumia chuma, 1200 kwa dakika tatu, nanyunyiza tone la maji. Likitawanyika na kukauka, bado. Likikimbia kama ushanga, tayari. Mafuta kidogo, samaki amekaushwa kwa kitambaa, napandisha 1600 kwa sababu samaki wa baridi anakipoza chuma, nikisikia kelele zimekaa sawa narudi 1300. Asiguswe mpaka aachie mwenyewe. Vile vitufe vya nyuzi joto siviamini kwa kazi hii, kipimo chake kiko chini ya kioo na kinachelewa.

Na soketi, mama yangu alikuwa amelichomeka kwenye ekstensheni moja na friji. Wati 2000 ni karibu ampea 9 peke yake. Plagi ilikuwa moto, nimeigusa. Sasa liko ukutani peke yake.

Haya, mama anasema nizime kamera, jodari anageuzwa.